Karatasi mbili za mpwa wangu

Wiki nne baada ya Idd mpwa wangu alikuja nyumbani Magomeni amevaa fulana iliyokatwa mikono. Kabla hajakaa vizuri akaweka karatasi mbili mezani, moja juu ya nyingine, kama mtu anayetoa risiti dukani.

"Shikamoo, mjomba. Hebu soma."

Zilikuwa karatasi za mashine ya kupima mwili, ile unayopanda peku, ukashika vipini viwili, ukasimama wima mpaka ilie. Ya kwanza ilionyesha uzito wa kilo 64.2, mafuta asilimia 17. Ya pili ilionyesha kilo 66.6, mafuta asilimia 13.5. Ukipiga hesabu, katika karatasi ya kwanza mafuta yalikuwa kilo 10.9 na kilichobaki kilo 53.3. Katika ya pili mafuta yalikuwa kilo 9 na kilichobaki kilo 57.6. Kijana alikuwa ameongeza kilo 4.3 za mwili usio na mafuta na kupunguza karibu kilo 2 za mafuta, yote hayo ndani ya wiki nne za kupiga chuma katika jimu ya uani, ambako nusu ya vyuma ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi.

"Kocha anasema nina mwili wa bahati," akasema.

Miaka ya nyuma nami nilibeba vyuma, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika habari za michezo na lishe, kwa hiyo namba zile hazikunipa furaha aliyoitarajia. Lakini sikutaka kumvunja moyo kwa neno moja. Nilimwomba aniachie zile karatasi kwa siku mbili.

Jambo la kwanza la kuliweka sawa ni jina la kitu kinachopimwa. Mashine haipimi misuli. Inakadiria mafuta, kisha inayatoa kwenye uzito wote, na kinachosalia ndicho inachokiita mwili usio na mafuta. Ndani ya salio hilo mna misuli, ndiyo, lakini mna pia damu, mifupa, ngozi, ini, na zaidi ya vyote, maji. Msuli wenyewe robo tatu ni maji. Kwa hiyo mtu akiongeza lita moja ya maji mwilini bila kuongeza hata uzi mmoja wa msuli, salio lile linapanda kilo moja, na karatasi inatoka na habari njema.

Sasa, misuli ya kweli hukua kwa kasi gani? Walimu wa mazoezi hutumia makadirio mawili zaidi ya mengine, yote ya Wamarekani. Alan Aragon, mtaalamu wa lishe, hupima kwa asilimia ya uzito wa mwili: mwanamume anayeanza anaweza kuongeza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uzito wake kwa mwezi, wa kati kati ya asilimia 0.5 na 1, na mzoefu kati ya asilimia 0.25 na 0.5. Mwandishi Lyle McDonald yeye huhesabu kwa mwaka: kilo 9 hadi 11 katika mwaka wa kwanza wa mazoezi ya maana, karibu kilo 5 katika wa pili, kama kilo 2.5 katika wa tatu, na kuanzia wa nne kilo moja au zaidi kidogo kwa mwaka mzima. Wanawake hupata karibu nusu ya hizo kilo, ingawa ukilinganisha na misuli waliyoanza nayo, sehemu wanayoongeza haipishani sana na ya wanaume.

Makadirio haya yametokana na uzoefu wa kufundisha watu, si sheria iliyotoka maabara. Mimi huyachukulia kama dari. Mwaka 2020 watafiti walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanaume wazima wenye afya na kupata kwamba mazoezi ya uzito yaliongeza wastani wa kilo 1.5 hivi za misuli kwa kipindi chote cha jaribio, na majaribio ya namna hiyo huchukua wiki kadhaa, si siku kadhaa. Wastani huo umechanganya waliokula vizuri na waliokula hovyo, waliojituma na waliozembea. Anayefanya kila kitu sawasawa atauzidi. Lakini hatauzidi mara tatu kwa theluthi ya muda.

Neno "anayeanza" nalo linahitaji uangalifu. Halihesabiwi kwa kalenda. Niliwahi kukutana na mtu aliyelipia jimu miaka sita na bado akawa anaanza, kwa sababu uzito aliokuwa akinyanyua mwaka wa sita ulikuwa uleule wa mwaka wa kwanza. Huyo akipata mwalimu mzuri leo, mwezi ujao anaweza kukua kama kijana mgeni. Kinachopunguza kasi ni ukaribu wa msuli na kikomo chake. Miaka ya kulipa ada haimsogezi mtu kwenye kikomo hicho.

Kwa mpwa wangu, mwenye kilo 64, asilimia 1 hadi 1.5 ni kati ya gramu 640 na 960 kwa mwezi. Karatasi ilisema gramu 4,300.

Hapo ndipo nilipokumbuka jaribio moja la California, lililochapishwa mwaka 1996, ambalo kila anayetaka kujua kasi ya misuli anapaswa kulisoma. Wanaume 43 waliokwisha kuzoea kunyanyua uzito waligawanywa makundi manne. Baadhi walichomwa sindano ya testosteroni, miligramu 600 kila wiki kwa wiki kumi, kipimo kikubwa mara nyingi kuliko kile ambacho mwili unajitengenezea. Wengine walichomwa sindano tupu. Katika kila upande nusu walifanya mazoezi na nusu walikatazwa. Waliochomwa sindano tupu na kufanya mazoezi waliongeza karibu kilo 2 za mwili usio na mafuta. Waliochomwa homoni na kukaa tu waliongeza karibu kilo 3. Waliopata homoni pamoja na mazoezi waliongeza kilo 6.

Kilo 6 kwa wiki kumi ni kilo 2.4 kwa wiki nne. Mpwa wangu, kwa wali, maharage na makopo ya zege, alikuwa amewashinda kwa mbali wanaume waliochomwa sindano. Namba ikishafika hapo, mtu hana haja ya kuuliza kama imechafuka. Anauliza imechafuliwa na nini.

Nikampigia simu. Karatasi ya kwanza ulipima lini? Siku mbili kabla ya Idd, saa kumi alasiri. Ulikuwa umefunga? Ndiyo, mjomba, unaniuliza swali gani hilo. Na ya pili? Saa moja usiku, nimetoka tu kupiga zoezi. Ulikuwa unatoka jasho? Fulana ilikuwa imeloa. Unatumia chochote? Kocha alimuuzia kreatini, akaimeza kama alivyoambiwa, gramu 20 kwa siku wiki ya kwanza, kisha kijiko kimoja kila siku.

Majibu hayo matano yalitosha.

Mashine ile hupitisha mwilini umeme mdogo usiohisiwa na kupima ukinzani wake. Maji yenye chumvi, kama yale ya misuli na damu, hupitisha umeme kwa urahisi. Mafuta hayapitishi vizuri. Kutokana na ukinzani, pamoja na urefu, umri na jinsia unayoijaza, mashine inakisia maji, na kutokana na maji inakisia mafuta. Mtu mwenye kiu, aliyefunga tangu alfajiri katika joto la Dar es Salaam, ana maji kidogo, kwa hiyo ukinzani unapanda na mashine inadhani ana mafuta mengi. Mtu aliyetoka mazoezini ngozi ina joto na imeloa, damu imejaa karibu na ngozi, umeme unapita kwa wepesi, na mashine inadhani mafuta yamepungua. Mpwa wangu alijipima akiwa katika hali ya kwanza, kisha akajilinganisha na nafsi yake katika hali ya pili. Laiti angejipima hivyo bila kugusa chuma hata kimoja, bado "angejenga".

Nilijaribu mwenyewe kwenye mashine ya aina ileile, dukani Kariakoo. Nina kilo 78. Asubuhi, kabla ya chai, iliniambia mafuta ni asilimia 21.4. Jioni ya siku hiyohiyo, baada ya kutembea kwa kasi dakika arobaini, ikaniambia 19.1. Uzito haukubadilika. Maana yake ni kwamba kati ya asubuhi na magharibi, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, nilitengeneza kilo 1.8 za misuli. Muuza duka alinipongeza.

Turudi kwenye zile kilo 4.3 tuzichambue kama fundi anavyochambua injini. Upungufu wa maji wa alasiri ya mfungo, kwa kijana wa uzito ule, tuuweke karibu kilo moja. Kreatini huvuta maji kuingia kwenye misuli, na baada ya wiki moja ya kipimo kikubwa mtu kwa kawaida huongeza kilo moja hadi moja na nusu. Kisha kuna glaikojeni, yaani wanga ambao misuli hujiwekea akiba. Kila gramu yake hukaa na karibu gramu 3 za maji. Alasiri ya mfungo akiba hiyo iko chini. Baada ya wiki za pilau na chapati imejaa. Gramu 150 za ziada pamoja na maji yake ni zaidi ya nusu kilo. Tukijumlisha tuko kwenye kilo 2.5 hadi 3 na hatujagusa misuli. Ongeza udanganyifu wa jasho na ngozi ya moto, ambao kwa mwili wangu peke yake ulikuwa kilo 1.8, na hesabu imekwisha kabla hatujafika kwenye nyama mpya.

Hata msuli wenyewe hudanganya katika wiki za mwanzo. Mtu mgeni anapoanza kunyanyua, nyuzi za misuli huchubuka na kuvimba kwa maji. Mkono unajaa, futi ya fundi cherehani inakubali, lakini sehemu kubwa ya unene wa wiki tatu nne za kwanza ni uvimbe. Ukuaji wenyewe unakuja nyuma yake taratibu.

Kipo kipimo kingine, ambacho hakihitaji kujua lolote kuhusu umeme. Ni kusawazisha daftari la chakula. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba nishati ya kalori 7,700 hivi. Kupoteza kilo 1.9 ni upungufu wa kalori zaidi ya 14,000, yaani zaidi ya 500 kila siku kwa siku 28. Mpwa wangu aliniapia kwamba mwezi ule alikula kama mgeni wa harusi. Anayekula hivyo hapungui kalori 500 kwa siku, tena akiwa anajenga misuli inayodai nishati yake. Daftari halisawaziki. Karatasi yoyote inayosema misuli imepanda sana na mafuta yameshuka sana kwa mwezi mmoja, huku uzito unapanda, naitilia shaka hapohapo.

Wapo watakaosema dawa ni kutafuta mashine ya gharama, ile ya miale inayotumika kupima mifupa, iitwayo Deksa. Ni bora zaidi, sina ubishi. Lakini nayo inahesabu maji kama mwili usio na mafuta. Watafiti wa Australia walionyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, kwamba waendesha baiskeli waliojazwa wanga na kreatini walionekana kwenye Deksa kama watu walioongeza misuli. Na ukimlaza mtu mara mbili, majibu yanaweza kupishana nusu kilo hadi kilo nzima bila chochote kubadilika. Kwa mzoefu wa kilo 80 anayetarajia gramu 200 kwa mwezi, chini ya glasi moja ya maji, hakuna mashine ya mtaani wala ya hospitali itakayoona ukuaji wa mwezi mmoja. Mtu huyo akijipima kila mwisho wa mwezi anasoma mawimbi ya maji tu. Apime kila baada ya miezi sita.

Nilipomweleza kijana haya yote alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri. "Mbona kocha naye aliongeza kilo tatu mwezi mmoja, na yeye hakutumia kitu?"

Kocha wake ana miaka arobaini na ushei, mtu wa miraba minne, na mwaka uliopita alivunjika mguu akakaa kitandani miezi minne. Alipopona alirudi jimu na kilo zikarudi mbio. Kwake namba ileile inaweza kuwa ya kweli, kwa kuwa alikuwa akikirudia alichokuwa nacho zamani. Msuli uliowahi kukua haurudi kuwa mgeni. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba viini ambavyo nyuzi za misuli huongeza wakati wa kukua havipotei haraka zinaponywea, vinabaki vikisubiri kazi. Jedwali la Aragon halimhusu anayerudi.

Mfano mkubwa kuliko wote wa kosa hili ni wa Mei 1973, katika chuo kikuu cha jimbo la Colorado, mjini Fort Collins, Marekani. Arthur Jones, aliyebuni mashine za mazoezi za Nautilus, alimfanyisha mazoezi Casey Viator kwa siku 28. Viator aliingia na kilo 75.7 akatoka na kilo 96.2. Kwa kuwa vipimo vilisema pia amepoteza kilo 8 za mafuta, ikatangazwa kwamba amejenga karibu kilo 29 za misuli, zaidi ya kilo moja kwa siku. Namba hiyo bado inatajwa kwenye majimu hadi leo, kwa kawaida bila utangulizi wake. Utangulizi ni kwamba Viator alikuwa Bwana Marekani wa mwaka 1971. Miezi michache kabla ya jaribio alipata ajali kazini iliyompotezea kidole, akachomwa sindano ya pepopunda iliyomdhuru vibaya, akakonda sana. Aliingia maabara akiwa jitu lililonywea, akala, akanywa, akajaa. Na Jones alikuwa na mashine za kuuza.

Maswali ninayomuuliza mtu sasa kabla sijaitazama namba yake ni machache. Umewahi kuwa na mwili huu? Ulikuwa unakulaje siku ile na siku hii? Ulipima saa ngapi? Kama yote yamejibiwa vizuri, hali zote mbili zililingana, na bado mzoefu wa miaka mitano ananionyesha kilo 3 za mwezi mmoja, nafikiria sindano, na simuulizi mbele za watu.

Mpwa wangu alikubali kuanza upya. Tulisubiri wiki mbili ili kreatini na chakula vitulie. Kisha akajipima asubuhi tatu mfululizo kwenye mashine ileile, ametoka chooni, hajala wala hajanywa, na jana yake hakupiga zoezi. Asubuhi hizo tatu zilitoa kilo 55.0, 55.9 na 55.3 za mwili usio na mafuta. Tazama, siku tatu tu, na tayari zinapishana karibu kilo moja. Tulichukua wastani, 55.4, tukaandika kwenye daftari pamoja na mzunguko wa mkono sentimita 31 na kiuno 76. Nikamkataza kupima tena kwa wiki kumi na mbili. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine.

Baada ya wiki hizo alirudia asubuhi tatu zilezile. Wastani ulikuwa 57.2. Mkono ulifika sentimita 32.1, kiuno kilibaki 76, na uzito aliokuwa akiusukuma mara nane akiwa chali sasa aliusukuma mara kumi na tano. Ongezeko ni kilo 1.8 kwa miezi mitatu, gramu 600 kwa mwezi, chini kidogo tu ya mlango wa chini wa makadirio ya anayeanza. Kwa kuwa mashine hupepesuka kwa karibu kilo moja, siwezi kuapa kwamba ni 1.8 na si 1.2. Lakini futi, kiuno na vyuma vyote vilielekea upande mmoja nayo, kwa hiyo naiamini.

"Mia sita tu?" akaniuliza, akihesabu kwa vidole.

Daftari analo yeye. Ile karatasi ya kilo 4.3 kocha aliiomba, akaibandika ukutani pale jimu, karibu na bei ya kreatini.